Unanunua mabati ukiwa Maskati: idadi, unene na mizani

"Niko Maskati, mama yuko Pangani. Nyumba yake imefika kwenye lenta, ina urefu wa mita 11 na upana wa mita 8, na kibaraza mbele cha mita 4 kwa 2.5. Fundi anataka mabati 96 ya mita 3, geji 28. Nimeona tangazo la duka la Dar linalouzia watu wa nje: unalipa wewe, wanampelekea mzazi mpaka mlangoni, na bei iko chini ya Tanga mjini. Binamu yangu alinunua kwa mtindo huo, baada ya masika mawili mabati yakaanza kutu. Nitajuaje idadi ni ya kweli, na kwamba nililolipia ndilo litakalofika? Mdogo wangu anaishi na mama lakini mambo ya ujenzi hayajui."

Ndugu yangu, jambo la kwanza ni kwamba bado hujafika wakati wa kununua bati. Nyumba iko kwenye lenta, kenchi hazijapanda. Idadi yoyote utakayopewa leo ni makadirio, hata ikitoka kwa fundi mwaminifu kuliko wote wa Pangani. Urefu wa bati hupimwa kwa futi kamba juu ya kenchi zilizosimama, kutoka kileleni mpaka mwisho wa upenuni. Ukinunua sasa utakuwa na mali imelala uani kwa mama, na mabati yaliyobanana yakiingiwa na unyevu katikati huota unga mweupe ambao unakula zinki kabla hata hayajaezekwa. Turubai halisaidii sana, maana unyevu wa pwani huingia kwa chini na jasho la usiku linabaki humo humo. Huenda kutu ya binamu yako ilianzia hapo. Nitarudi kwenye kutu baadaye.

Hata hivyo makadirio yana kazi yake, kwa hiyo tuyafanye kabla hujamwita fundi mwizi.

Nachukulia paa la pande mbili, mwinuko wa nyuzi 20, na bati linatokeza nje ya ukuta sentimita 60 kila upande. Upana wa nyumba unakuwa mita 9.2, nusu yake 4.6. Kwa kuwa bati linalala kwa mteremko, urefu wake unazidi ule wa chini: kwa nyuzi 20 unazidisha kwa 1.064, unapata mita 4.9. Huo ndio urefu wa upande mmoja wa paa kutoka kileleni mpaka chini. Kwa mlalo, mita 11 na zile 0.6 mbili zinatoa mita 12.2.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Upana unaoandikwa kwenye tangazo sio upana unaofunika. Bati moja hupanda juu ya mwenzake kwa wimbi moja au zaidi, na sehemu hiyo hailipi. Tuseme bati lenu linafunika sentimita 70 baada ya kupandana. Mita 12.2 ukigawa kwa 0.7 unapata 17.4, yaani mistari 18 kila upande. Bati la mita 3 peke yake halifiki mita 4.9, hivyo kila mstari unataka mabati mawili, moja likilalia jingine kwa sentimita 15 mpaka 20. Kwa hiyo 18 mara 2 mara pande 2 ni mabati 72. Kibaraza kinataka 6. Jumla 78, weka mawili ya akiba, ni 80.

Fundi amesema 96. Je, ameiba 16? Inategemea jambo ambalo hukuniambia: paa lina pande ngapi? Kama mama anataka paa la pande nne, mabati ya kwenye kona hukatwa mshazari na vipande vingi haviingii popote. Kwa paa la namna hiyo huwa naongeza kama asilimia 15 juu ya hesabu ya kawaida, na hapo tunafika 90 au 92. Mabati 96 hayo si wizi, ni fundi anayejilinda asije akapungukiwa katikati ya kazi. Lakini kama paa ni la pande mbili, 96 ni mengi mno na una haki ya kumwomba akuchoree. Mwambie hivi: "Fundi, naomba mchoro wa paa kwa mkono tu, wenye urefu wa kila upande na idadi ya mistari." Anayejua kazi atakuchorea kwenye karatasi ya daftari ndani ya dakika kumi. Anayekwepa kuchora ndiye wa kuwa na wasiwasi naye.

Angalia pia jambo lililojificha kwenye hesabu hiyo. Mstari wa mita 4.9 unafunikwa na mabati yenye mita 6 kwa jumla. Sehemu ndogo ni ya kupandana, ila kama sentimita 90 kila mstari ni upotevu mtupu. Viwanda vingi vya mabati siku hizi hukata kwa urefu unaotaka mteja. Ukiagiza mabati 36 ya mita 5, unanunua mita 180 badala ya 216 kwa nyumba kuu, na paa halina kiungo katikati ambapo maji ya mvua ya upepo hupenya. Tatizo ni usafiri. Bati la mita 5 kwenye kenta fupi litaning'inia nyuma na kupinda njiani, na bati lililopinda halirudi. Agiza urefu huo tu kama muuzaji anatumia gari lenye bodi ndefu, na muulize kabisa. Kama mama yuko ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, uliza pia kama bei ya "mpaka mlangoni" inahesabu kuvusha mto. Kwenye matangazo mengi, huo mlango unaishia mjini.

Tuje kwenye geji, maana ndiko fedha nyingi hupotelea.

Geji inakwenda kinyume na watu wanavyodhani: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Sasa, geji ni jina la biashara zaidi kuliko kipimo. Kiwanda kimoja kitaita geji 28 bati la milimita 0.40, kingine kitaita hivyo hivyo la 0.36, na muuzaji mjanja atabandika jina hilo kwenye la 0.30. Hakuna atakayekuwa amekudanganya kwa maandishi. Kwa hiyo kwenye profoma, ile karatasi ya bei unayopewa kabla ya kulipa, usikubali neno "geji 28" peke yake. Taka milimita ziandikwe, na taka iandikwe kama unene huo ni wa chuma kabla ya rangi au ni jumla na rangi yake. Rangi na zinki vikijumlishwa vinaweza kufika milimita 0.05, na kwenye kitu chembamba hivi hiyo ni sehemu kubwa.

Utauliza, mdogo wangu atapimaje milimita 0.36? Macho hayawezi, vidole haviwezi, na kulipiga bati ngumi usikilize mlio ni mchezo wa kuigiza. Mizani ndiyo inayoweza. Chuma kina uzito uleule kila mahali: bati la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita moja ni kilo 7.85. Ukijua urefu wa bati, upana wake likikunjuliwa, na unene ulioahidiwa, unajua lazima liwe na kilo ngapi.

Upana wa kukunjuliwa unapatikana kwa uzi. Mdogo wako alaze uzi juu ya bati kwa upana, aufuatishe kila bonde na kila mgongo toka ncha mpaka ncha, kisha aunyooshe na kuupima. Mabati mengi yatampa karibu sentimita 91.4. Basi bati la mita 3 lina eneo la mita za mraba 2.74. Kwa chuma cha 0.36 ni 2.74 mara 0.36 mara 7.85, unapata kilo 7.7. Mabati kumi ni kilo 77. Kama ni la 0.30, kumi ni kilo 65. Kama ni la 0.25, kumi ni kilo 54. Unaona pengo lilivyo kubwa? Mizani ya kupimia korosho au mahindi inatosha kabisa, haihitaji kuwa ya maabara. Funga mabati kumi kwa kamba, yapandishe, soma.

Mpe mdogo wako mipaka iliyo wazi. Profoma ikisema 0.36 ni chuma tupu, mabati kumi yasipungue kilo 77, kwa sababu zinki na rangi vinaongeza juu yake. Ikisema 0.36 ni jumla na rangi, yatakuwa karibu na kilo 70, maana rangi ina unene lakini haina uzito wa chuma. Yakisoma 65 kwenda chini, hayo siyo uliyolipia, na gari lisishushe mzigo uliobaki.

Mizani hiyohiyo inakusaidia kulinganisha bei kabla hujatoa hata senti. Chukua mfano tu wa hesabu: duka la Tanga linauza bati kwa shilingi 36,000 na lina kilo 7.7, tangazo la Dar linauza kwa 33,000 na bati lina kilo 6.5. Kwa bati, Dar ni rahisi kwa 3,000. Kwa kilo, Tanga ni kama 4,675 na Dar kama 5,077. Aliyeonekana wa bei nafuu ndiye ghali. Muulize kila muuzaji uzito wa bati moja. Muuzaji anayenunua kiwandani anaujua bila kutafuta, kwa sababu kiwanda chenyewe huuziwa koili za chuma kwa tani.

Kwa nini unene unajalisha kwa nyumba ya chini tu? Bati jembamba linabonyea fundi akilikanyaga kati ya papi, zile mbao za mlalo ambazo bati hupigiliwa, na kwenye kibonyeo maji hutuama. Upepo wa kusi nao hulitikisa mpaka tundu la msumari linapanuka. Nikisema kweli lakini, geji 30 halisi juu ya papi zilizokaribiana ni paa zuri kuliko geji 28 juu ya papi zilizotawanywa kwa ubahili wa mbao. Kama fedha ni ndogo, mwulize fundi kama anaweza kusogeza papi karibu ukashuka unene. Hilo ni chaguo halali. Lisilo halali ni kulipia 28 ukaletewa 30.

Unene lakini hauzuii kutu. Kinachozuia ni ngozi ya zinki, au ya aluminiamu na zinki, iliyoko juu ya chuma, na rangi ni nyongeza. Ngozi hiyo ina kipimo chake kinachoandikwa kwa herufi na namba. Z ni zinki, AZ ni mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, na namba inayofuata ni gramu kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili pamoja. AZ150 basi ni gramu 150. Bati nene lenye ngozi ya gramu chache litaoza mapema kuliko jembamba lenye ngozi nzuri, hasa Pangani ambako chumvi ya bahari inatua juu ya paa kila usiku. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuko mimi ningechagua AZ badala ya Z, na kati ya AZ ningelipia namba kubwa ninayoimudu hata kama unene utashuka hatua moja. Muuzaji asiyejua namba hiyo hajui anachouza. Na nyumba ikiwa mita mia chache tu kutoka mawimbi, usimwamini anayekupa dhamana ya miaka mingi kwa mdomo. Soma karatasi ya dhamana, mara nyingi ukanda wa pwani umetolewa kwa maandishi madogo.

Kutu nyingine inatengenezwa siku ya kuezeka. Fundi akikata bati kwa grainda, cheche za moto huunguza ngozi pembeni mwa mkato, na vumbi la chuma likitua juu ya mabati mengine hugeuka madoa ya kahawia baada ya mvua ya kwanza. Mwenye nyumba anadhani ameuziwa bati bovu. Muombe akate kwa mkasi wa bati, na jioni afagie paa. Saruji mbichi nayo isiachwe ikaganda juu ya bati la AZ, inalila. Ukimuuliza binamu yako kutu yake ilianzia wapi, utajua chanzo: ikianzia kwenye mikato na misumari ni kazi ya fundi, ikiwa ni madoa yaliyotawanyika ni vumbi la grainda, ikiwa imetanda bati zima ni ngozi hafifu.

Sasa malipo. Tangazo la namna hii si lazima liwe utapeli, maduka ya kweli yanafanya biashara hii na inasaidia, kwa sababu fedha haipitii mikononi mwa ndugu watatu kabla ya kufika dukani. Lakini angalia jina. Profoma iwe na jina la biashara na namba ya mlipakodi, na akaunti ya benki au lipa namba iwe na jina hilohilo. Ukiona jina la mtu binafsi, na maelezo kwamba "huyo ni mhasibu wetu", acha. Jina la kampuni linaweza kutafutwa BRELA, wakala wa kusajili biashara, na mtu yeyote wa Dar anaweza kwenda dukani kwa bodaboda akakupigia simu ya video akiwa mbele ya mabati.

Usilipe yote. Lipa sehemu ya kuanzia, na salio ulilipe mdogo wako akiwa amemaliza kuhesabu na kupima, gari likiwa bado uani. Kutoka Maskati fedha inaingia kwenye simu ya mdogo wako muda mfupi naye analipa duka, hivyo dereva hatasubiri sana. Muuzaji atakataa mwanzoni. Wengi hukubali ukisema salio liko tayari. Akikataa kabisa, omba angalau akutumie kwa basi kipande cha sentimita 30 cha bati lile lile mpaka Tanga, mdogo wako akakichukue. Kipande hicho kinapimwa hata kwenye mizani ya dukani ya sukari, na siku mzigo ukifika kinakuwa shahidi wa rangi na uzito.

Taka risiti ya EFD yenye maelezo ya mzigo: unene, urefu, idadi. Risiti iliyoandikwa "vifaa vya ujenzi" tu haikusaidii ukidai. Risiti ya kweli ina namba ya uhakiki ambayo wewe mwenyewe unaiingiza kwenye verify.tra.go.tz ukiwa huko huko Maskati, na kiasi kinachoonekana kilingane na ulichotuma. Jua tu inachothibitisha: kwamba mauzo yaliandikishwa, si kwamba bati ni zuri. Vivyo hivyo na alama ya TBS kwenye picha ya tangazo. Alama ya maana ni ile iliyochapwa kwenye bati lenyewe pamoja na jina la kiwanda, mdogo wako aipige picha kwenye mabati kadhaa, sio moja la juu.

Ukiniuliza ningenunua wapi, ningeanza na Tanga mjini. Toka huko hadi Pangani ni kilomita hamsini hivi, na mabati kumi mabovu yanaweza kurudishwa siku ileile. Kwa Dar, kurudisha ni safari ya gari zima na malumbano ya simu. Dar ningeichagua kwa sababu mbili tu: bei ya kilo, pamoja na usafiri, iwe chini kweli, au niwe naagiza mabati ya kukatwa kwa urefu maalumu ambayo Tanga sijayapata.

Kuna sehemu ambazo simu na mizani hazifiki. Uimara wa kenchi haupimwi kwa video. Kwa upana wa mita 8, kabla bati la kwanza halijapigwa msumari, mlipe fundi sanifu wa ujenzi asiye wa kazi hiyo apande aangalie viungo vya kenchi, jinsi zilivyofungwa kwenye lenta, na nafasi kati ya papi. Ni kazi ya nusu siku. Ofisi ya mhandisi ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa mtu. Ukitaka paa la kuficha, lile lenye ukuta juu na mfereji ndani, usiendelee kabisa bila mchoro wa mtaalamu, kwa sababu mfereji ukikosewa maji yote yanaingia ndani. Na ikitokea mzigo umefika pungufu au mwembamba na muuzaji hapokei simu, mdogo wako asiezeke hata bati moja. Apige picha mizani ikiwa inasoma, ahifadhi risiti na profoma, na aende polisi na ofisi ya TBS ya kanda mabati yakiwa bado yamefungwa.